Barua Tatu Si Barua Moja: Kabla Hujatuma Maombi ya Masomo Ng'ambo

(Mada iliyowasilishwa mbele ya vijana wanaojiandaa kuomba nafasi vyuoni)



Ndugu zangu, kaka na dada, mniwie radhi nikianza na kosa langu mwenyewe. Mtoto wa ami yangu, ambaye ni mkubwa kwangu na mimi humwita Dada, alimaliza digrii ya sayansi ya mazingira akaajiriwa katika ofisi ya maji huko kwetu Lamu. Baada ya miaka miwili kazini aliamua kuomba masomo ya uzamili. Fomu za Marekani zilimtaka vitu viwili, Statement of Purpose na Personal Statement. Ufadhili wa Ujerumani ulimtaka Letter of Motivation. Dada akaandika ukurasa mmoja na nusu, akautuma kote, akibadilisha jina la chuo tu. Kabla hajatuma alinipa niusome. Nikamwambia, "Mashallah, iko sawa, tuma."

Kote alikataliwa, na ada ya maombi haikurudi. Basi akampelekea mhadhiri wake wa zamani ule ukurasa. Mhadhiri akamjibu kwa sentensi moja: "Nimesoma mpaka mwisho na bado sijui unataka kuchunguza nini, wala kwa nini huko." Mimi nilikuwa nimeangalia Kiingereza tu, kama kimenyooka. Sikuuliza barua ile inajibu swali gani. Hilo ndilo nililokuja kuwaambia leo: haya ni maandishi matatu kwa sababu yana wasomaji watatu na maswali matatu.

Ukurasa wake ulianza hivi: "Mimi ni msichana mwenye bidii kutoka familia ya kawaida. Tangu utotoni nimependa mazingira. Chuo chenu ni maarufu duniani." Hebu jiulize, ni nani katika ukumbi huu asiyeweza kuandika maneno hayo hayo? Na huku Dada alikuwa na jambo zuri mkononi. Alikuwa amepima chumvi katika visima 14 vya kijiji kimoja karibu na matuta ya mchanga ya Shela, yale yanayohifadhi maji matamu ya mji wa Lamu. Jambo hilo hakulitaja hata kidogo. Sasa tulichukue jambo hilo moja tuone linavyokaa katika kila andiko.

Tuanze na Statement of Purpose, tuiite maelezo ya kusudi. Hii huombwa sana na vyuo vya Marekani kwa masomo ya uzamili na ya udaktari. Wanaoisoma ni maprofesa wa idara yenyewe, na miongoni mwao yumo atakayekusimamia. Swali lao ni moja: unataka kuchunguza nini, na tutajuaje kwamba unaweza? Kwa hivyo hakuna salamu, hakuna "mheshimiwa", hakuna hadithi ya utotoni. Unaingia kwenye kazi moja kwa moja. Dada alipoandika upya, aya ya kwanza ikawa namna hii (yeye aliandika kwa Kiingereza, mimi nawapa maana yake):

"Kati ya Januari na Machi nilipima chumvi katika visima 14. Visima 9 viliongezeka chumvi kila mwezi. Visima 5 havikubadilika, ingawa viko karibu zaidi na bahari. Kwa hivyo umbali kutoka baharini peke yake hauelezi tofauti hii. Nataka kuchunguza kama wingi wa maji yanayochotwa kwa pampu ndio unaoipandisha chumvi kutoka chini."

Mnaona? Maji matamu huelea juu ya maji ya chumvi chini ya ardhi, na ukichota kupita kiasi yale ya chini hupanda. Profesa wa maji akisoma aya hiyo anajua mara moja kwamba huyu ana swali, na swali limetoka kwenye vipimo vyake mwenyewe. Aya zinazofuata zilieleza alipima kwa kifaa gani, alikosea wapi, na masomo gani ya digrii yalimwandaa. Kisha akamtaja profesa mmoja wa idara ile na kusema ni kazi ipi ya profesa huyo inayogusa swali lake.

Hapo pa kutaja profesa ndipo wengi wanapoteleza. Wananakili majina matano kutoka ukurasa wa idara wakayapanga kama orodha ya sokoni. Jina lisilofungwa na swali lako halikusaidii. Na hakikisha kwanza kwamba profesa huyo bado yuko pale na bado anachukua wanafunzi, maana kuna wanaotaja mtu aliyekwisha kustaafu. Urefu ni ule uliotajwa kwenye fomu. Ikiwa haukutajwa, kurasa mbili zatosha.

La pili ni Personal Statement, maelezo binafsi. Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, kwa mfano, humtaka anayeomba uzamili aandike hili mbali na maelezo ya kusudi. Swali hapa ni: umetoka wapi, na yaliyokupata yamekufanya mtu wa namna gani katika masomo haya? Hapa utoto una nafasi yake, lakini kwa sharti kwamba uzae kitu. Dada aliandika kwamba nyumbani kwao chai ilipikwa kwa maji ya kununua, kwa sababu maji ya kisima yaliitia chumvi, na kwamba alipokuwa na miaka 12 kazi ya kufuata mitungi ilikuwa yake, na kwa sababu hiyo akichelewa shule.

Lau angekomea hapo, ingekuwa kilio tu. Msomaji angemhurumia akafungua faili la mwingine. Lakini aliendelea. Alisema kwamba alipokwenda kupima visima, aliwauliza kwanza akina mama wanaochota. Wao walijua ni kisima kipi kimeharibika kabla hata kifaa hakijasema, na tangu siku hiyo kila utafiti wake huanza kwa kuuliza wenye maji. Sasa ile mitungi imepata maana. Inaeleza kwa nini huyu anafanya kazi kwa njia ambayo mwingine hangeifikiria. Kanuni yake ni nyepesi: kila taabu unayoisimulia, ifuatishe jambo ambalo taabu hiyo ilikufunza kulifanya. Ikiwa hakuna, iache.

La tatu ni Letter of Motivation, barua ya motisha. Hii utakutana nayo zaidi katika vyuo na ufadhili wa bara la Ulaya. Na hii, kinyume na zile mbili, ni barua kweli: ina tarehe, anwani, salamu ya heshima, kichwa cha barua, na sahihi mwishoni. Swali lake ni: kwa nini programu hii, kwa nini sasa, na ukimaliza itakuwaje?

Dada aliomba ufadhili wa DAAD uitwao EPOS, ambao umekusudiwa watu walio kazini kutoka nchi zinazoendelea na hudai angalau miaka miwili ya kazi baada ya digrii. Barua haizidi kurasa mbili na lazima iguse kazi unayoifanya sasa. Vile visima 14 vilichukua sentensi moja tu humo. Uzito ulikwenda mahali pengine: "Kila mwezi ofisi yetu huandika ripoti ya chumvi, lakini hakuna kati yetu anayeweza kutabiri kwa kompyuta mwendo wa maji ya chini ya ardhi. Tunasubiri mshauri kutoka Nairobi. Programu yenu inafundisha jambo hilo kwa muhula mzima. Nikirudi, hesabu hiyo tutaifanya wenyewe."

Kosa la barua ya motisha ni kusifu mno. "Chuo chenu kitukufu, nchi yenu iliyoendelea, naomba mnifikirie." Hayo ni maombi ya sadaka. Wanaokusoma wanatafuta mahali ambapo pengo la kazi yako linakutana na somo wanalofundisha. Fungua orodha ya masomo ya programu, soma kila muhula, utaje somo lenyewe kwa jina.

Kuna wenzetu wataniambia, "Lakini sisi tumelelewa tusijisifu." Ni kweli, na malezi hayo ni mema. Lakini kusema "nilipima visima 14" si kujisifu, ni ushahidi. Kujisifu ni kusema "mimi ni hodari sana", na hilo hata hao maprofesa hawalitaki.

Sasa tahadhari moja kubwa. Jina lililo juu ya fomu linaweza kukudanganya. Nyinyi mnaoomba digrii ya kwanza Uingereza kupitia UCAS mtaombwa Personal Statement, lakini si ile ya Berkeley. Kwa wanaoanza masomo mwaka 2026 na kuendelea, imegawanywa maswali matatu: kwa nini unataka somo hili, masomo yako yamekuandaaje, na nje ya darasa umefanya nini cha kukuandaa. Majibu yote kwa pamoja hayazidi herufi 4,000, nafasi zikihesabiwa, na kila jibu lisipungue herufi 350. Uzito wake ni masomo, wala si hadithi ya maisha. Tena maandishi hayo hayo huenda kwa chaguo zako zote, ambazo ni tano kwa wingi, kwa hivyo ukitaja chuo kimoja kwa jina umewaudhi wale wanne. Jina ni lile lile, desturi ni tofauti kabisa. Ndiyo maana nasema soma maelekezo yaliyo chini ya jina, na uyafuate hayo.

Utajuaje kwamba umeandika lile linalotakiwa? Dada na mimi tulitumia kalamu tatu. Piga mstari wa kijani chini ya kila sentensi inayoeleza yaliyokupata maishani, wa buluu chini ya kazi uliyoifanya na utakayoichunguza, na mwekundu chini ya sentensi inayohusu programu hiyo na kazi utakayorudi kuifanya. Maelezo ya kusudi yakiwa hayajajaa buluu, rudia. Maelezo binafsi yakikosa kijani kinachoishia kwenye buluu, rudia. Barua ya motisha bila nyekundu ya kutosha si barua ya motisha. Na sentensi isiyopata rangi yoyote, kama ile ya "nimependa mazingira tangu utotoni", ifute.

Ule ukurasa wa kwanza tulipoupiga mistari, karibu nusu yake haikupata rangi. Niliona haya, maana ni mimi niliyesema uko sawa.

Msimu uliofuata Dada alituma maandishi matatu mbalimbali. Marekani walimkataa tena. Ujerumani walimchukua.

Kwa hivyo ukiletewa na nduguyo ukurasa akuombe umsomee, usimwambie haraka "iko sawa" kama nilivyofanya mimi. Mwambie kwanza akuonyeshe swali.