Kikapu cha sato na dagaa

Msikilizaji wa Mwanza, Ofisi ya Taifa ya Takwimu hupima mfumuko wa bei kwa kufuatilia gharama ya kikapu kilekile cha bidhaa. Tuchukue mfano. Mwaka jana familia ilinunua sato kilo 2 kwa shilingi 10,000 kila kilo, na dagaa kilo 2 kwa 5,000 kila kilo: jumla 30,000. Mwaka huu sato amefika 13,000, dagaa wamebaki palepale. Kikapu kilekile sasa ni 36,000. Ongezeko la 6,000 ukiligawa kwa 30,000 ni asilimia 20.

Lakini mama wa familia hiyo anapunguza sato hadi kilo 1 na kuongeza dagaa hadi kilo 4. Analipa 33,000. Ikiwa familia imeridhika vilevile, gharama ya maisha imepanda kwa asilimia 10 tu; kikapu kisichobadilika kimezidisha ongezeko hilo. Ikiwa haikuridhika, ongezeko halisi limezidi asilimia 10.