Kalamu mkononi: tusome tena habari ya Kolwezi ya 27 Juni 2019

Leo hatukuleta mabango. Tumeleta habari moja ya zamani kidogo na kalamu, tuisome pamoja polepole.

Mnaikumbuka. Siku ya Nne tarehe 27 Juni 2019, mashimo mawili ya wachimbaji wa mikono yaliporomoka ndani ya konsesioni ya KCC, pale Kolwezi. KCC ni kampuni ya Glencore, na Gécamines iko na sehemu yake ndani. Siku ileile Glencore ilitoa komunike, na dunia nzima ikaandika. Karibu habari zote za saa za kwanza zilijengwa juu ya ile komunike na juu ya maneno ya guverneri wa Lualaba, Richard Muyej. Tunapashwa kuanza hapo.

Kazi ya kwanza ni rahisi, hata mutoto wa sekondari anaiweza. Chukua habari, na kando ya kila sentensi andika: nani amesema hii? Kampuni, andika K. Guverneri, andika G. Mwandishi aliyeona kwa macho yake, andika M. Mchimbaji ao familia yake, andika F. Kisha hesabu. Kwa habari nyingi za siku ile utapata K nyingi, G chache, na F hakuna. Watu waliokufa wako katika kila mustari, lakini hakuna mustari hata moja wanamosema wao ao wa kwao.

Mtu atasema: kuko masemi mbili, kampuni na serikali, basi habari iko sawa. Hapana. Guverneri naye alisema ni wachimbaji walioingia kinyemela ndio waliosababisha. Watu wawili wanaosimama upande moja hawafanye pande mbili. Ukitaka kujua kama chanzo cha pili ni cha kweli, uliza: huyu angeweza kumpinga wa kwanza? Alijua kitu yake mwenyewe, ao alirudilia tu?

Sasa tuingie katika neno lenyewe: « haramu ». Wachimbaji haramu. Liko tangu mwanzo wa habari mpaka mwisho. Tuseme ukweli wote hapa, juu ukikosoa vibaya watakucheka. Kwa sheria, neno si uongo. Kodi ya mines ya 2002, iliyorekebishwa mwezi wa tatu 2018, inaruhusu uchimbaji wa mikono paka katika maeneo yaliyotengwa na serikali, wale wanaita ZEA, na mchimbaji anapashwa kuwa na karata na kuwa ndani ya koperative. Ndani ya konsesioni ya kampuni hakuna ruhusa. Sawa.

Upendeleo uko katika kile neno linafunika. Ukisema « haramu » mara tano bila kusema hata mara moja kama kuna ZEA inayofaa karibu na Kolwezi, msomaji anafikiri wale vijana waliacha mahali pazuri wakachagua kuiba. Swali la udongo, nani alipewa udongo wenye kobalti na nani alibakizwa, limetoka nje ya habari bila mtu kulifukuza. Na neno kama lile liko na uzito. Siku chache nyuma ya ajali, askari wa FARDC walitumwa kuondoa wachimbaji pale KCC. Hatusemi gazeti ndilo liliwatuma. Tunasema msomaji aliyelishwa « haramu » siku zote hakushangaa kuona bunduki.

Tupite kwa madai. Komunike ilisema kwamba kwa wastani wachimbaji 2.000 wanaingia kila siku. Ni hesabu nzuri, ya mviringo, na magazeti mengi yaliibeba hivyohivyo. Lakini ilihesabiwa namna gani? Na walinzi kwenye barriere? Na kamera? Kwa siku ngapi? Mwandishi hakuuliza, ao aliuliza na hakutuambia. Na ile hesabu ingeweza kumuzalia swali kubwa: kama kampuni inajua watu 2.000 wanaingia kila siku, wanapitia wapi, na nani anawafungulia? Mutu wote wa Kolwezi anaongeaka juu ya ile njia. Habari haikugonga mulango ule.

Dai lingine ni zito zaidi. Siku ileile Glencore ilisema ajali haikuhusiana na kazi za KCC. Siku ileile! Miili ilikuwa bado inatafutwa. Kampuni yenyewe ilisema mashimo yalikuwa kwenye ngazi za udongo zilizo juu ya mahali pa kuchimbia. Kujua kama zile ngazi zilishuka juu ya mashimo tu, ao pia juu ya maji, ao mitikisiko, kunahitaji mjiolojia na siku kadhaa. Pengine kampuni ilisema kweli. Lakini gazeti lingeandika « kampuni inasema, kabla ya uchunguzi wowote huru ». Badala yake wengine waliliweka kama kitu kilichokwisha kujulikana.

Hesabu ya wafu inatufundisha kitu kinyume. Kampuni ilisema 19, na kwamba pengine wengine wako. Guverneri akasema 36. Nyuma ikafika 43. Wengi wetu tungepiga kelele: wanaficha! Polepole. Miili inatolewa moja moja, na hesabu ya saa sita haiwezi kuwa ile ya kesho. Kosa si kuwa na hesabu tofauti. Kosa ni kuandika « 19 walikufa » bila kusema nani alihesabu na saa ngapi.

Mwandishi anaweza kujitetea: nilikuwa na saa mbili, na konsesioni imefungwa. Tunamuelewa kwa siku ya kwanza. Lakini wiki moja nyuma? Sauti zilizokosa zilikuwa na anwani. Familia zilikuwa kwenye hospitali na kwenye misiba. Wachimbaji wenzao wanaishi Musonoi na Kapata, wangeeleza nani aliwaonyesha ile kona. Wanunuzi wa mawe wako Musompo, wangesema ile mali inaishia wapi. SAEMAPE, ofisi ya serikali ya wachimbaji wadogo, ingesema ilipashwa kuwa wapi siku ile. Polisi ya mines pia. Hakuna hata moja iliyohitaji kuruka fensi ya KCC.

Na sisi? Mudogo moja alituuliza: basi tuandike kwamba kampuni iliwaua? Hapana, mudogo. Hatuna ushahidi wa hiyo, na ingekuwa dai bila msingi kama lile lao, tumebadilisha tu upande. Komunike zetu nazo zipitie kalamu ileile, K, G, M, F, na ukikuta « wananchi wote wanasema » uandike kando: wangapi, na nani aliwauliza?

Kwa kazi ya juma hili, kila kikundi kichukue habari moja ya mines iliyotoka mwezi huu, iandike zile herufi kando, ilete hesabu yake Siku ya Posho. Vikundi vya Kenya na Katuba vianze na ajali. Kampemba na Ruashi waanze na habari za kufukuza wachimbaji.