Ugali Haukukatazwa: Chakula cha Mwenye Kisukari Aina ya Pili

(Mazungumzo yaliyotolewa katika kikao cha wajumbe wa kamati za afya za parokia, Kanda ya Ziwa)



Katika kuwatembelea wagonjwa majumbani tumekuwa tukikutana na jambo moja mara kwa mara. Mtu anaambiwa ana kisukari, anarudi nyumbani, na jirani wa kwanza anayemkuta anamwambia, "Basi, ugali ndiyo mwisho." Wa pili anamwambia aache sembe ale dona tu. Wa tatu anamwambia ahamie kwenye udaga, kwa kuwa muhogo ni chakula cha asili. Mgonjwa anabaki na hofu na sahani asiyojua aweke nini.

Leo tumeona tueleze habari za mama mmoja wa kigango chetu, mkulima wa miaka hamsini na kitu, aliyeturuhusu tusimulie bila kumtaja jina. Alikuwa anatumia vidonge vya glibenklamidi na metformini, na havikosi. Sukari yake haikushuka. Alikuwa ameshaacha sembe na kushika udaga, na alituambia kwa uchungu, "Nimejinyima vyote, sasa mnataka nile nini?"

Tuliomba tukae naye jikoni siku nzima. Jioni alipika kilo moja ya unga kwa watu watano. Tukapiga hesabu pamoja naye. Kilo moja ikigawanywa kwa watano ni gramu 200 za unga kwa kila mtu. Unga wa muhogo karibu wote ni wanga, na wanga ukishasagwa tumboni huwa sukari katika damu. Kwa hiyo sahani yake ilikuwa na wanga wa gramu 160 au zaidi kwa mlo mmoja. Pembeni palikuwa na dagaa kijiko kimoja na mchicha wa kuonja. Kabla ya kula kipimo kilisoma 8.6, saa mbili baadaye kilisoma 15.1. Wengi huambiwa na kliniki wawe chini ya 10 saa mbili baada ya kula.

Hapo ndipo tulipoelewana. Kubadilisha unga kulikuwa hakujambadilishia kitu. Dona ni bora kuliko sembe kwa kuwa ina pumba zake na hushibisha zaidi, lakini mlima wa dona bado ni mlima. Na udaga kwa mwenye kisukari hauna nafuu kuliko mahindi: una wanga zaidi kidogo na protini kidogo sana. Anayeula anahitaji dagaa, samaki au maharagwe zaidi ya anayekula ugali wa mahindi.

Tukamfundisha kutumia ngumi yake mwenyewe. Ugali uliopikwa usizidi ukubwa wa ngumi moja iliyofumbwa, ambao ni kama gramu 200, yaani unga usiozidi gramu 70 hivi. Huo ni theluthi ya aliokuwa akila. Ugali huo ukae kwenye robo ya sahani. Robo nyingine ni samaki, dagaa, mayai, nyama isiyo na mafuta au maharagwe. Nusu nzima iliyobaki ni mboga: mchicha, matembele, kisamvu, kabichi, bamia, nyanya chungu. Nusu ya sahani ni nyingi kuliko tunavyozoea. Ni viganja viwili vya mboga zilizopikwa, na ndizo zinazomfanya mtu asilale na njaa.

Ugumu haukuwa kwenye ngumi. Ulikuwa kwenye sinia. Familia ile hula pamoja, na katika sinia hakuna anayejua amekata matonge mangapi. Mama alijaribu kuhesabu matonge akashindwa siku ya pili, kwa sababu wajukuu walikuwa wanamchekesha. Njia iliyofaa ni hii: ugali ukishaiva, kabla ya kupakuliwa, anakata wake kwa mwiko na kuuweka kwenye sahani yake, kisha anakuja kukaa na wenzake palepale kwenye mkeka. Mwanzoni mume wake aliona kama anajitenga. Alipoelezwa na kuona kipimo kwa macho yake, yeye ndiye aliyekuwa akimkumbusha sahani.

Wali hufuata kipimo kilekile, ngumi moja au kikombe kimoja cha chai kisichofurika. Hatari ya wali ni kwamba hushuka bila kutafunwa sana, na siku za sherehe huwekwa pamoja na viazi na chapati kwenye sahani moja. Vyote vitatu ni wanga, achague kimoja.

Muhogo wa kuchemsha una wanga mzito kuliko ugali au wali, kwa hiyo kipimo chake ni kidogo: kipande kimoja cha urefu wa kiganja, kisicho kinene sana. Wengi huula asubuhi na chai ya sukari vijiko vitatu, hivyo siku inaanza na wanga juu ya sukari. Chai ya rangi bila sukari, yai moja na kipande hicho kimoja vinatosha. Asali nayo ni sukari, hata ikitoka mzingani.

Sasa tuseme lililotutisha. Wiki ya tatu mama yule alikwenda shambani, akameza kidonge chake asubuhi, akala kidogo na kuruka chakula cha mchana. Saa kumi alianza kutetemeka, jasho likamtoka, akawa anajibu maneno yasiyoeleweka. Kipimo kilisoma 3.1. Mwanawe alimpa maji yenye vijiko vinne vya sukari, wakasubiri dakika kumi na tano, wakapima tena, kisha wakampa chakula. Hilo lilikuwa kosa letu pia. Tulimpunguzia chakula kabla ya kumrudisha kliniki, wakati glibenklamidi huendelea kushusha sukari hata kama tumbo ni tupu. Daktari alimpunguzia dozi. Tangu hapo hatumshauri mtu anayetumia vidonge vya aina hiyo au insulini apunguze wanga bila kliniki kujua, na asiruke mlo. Hii inahusu pia mfungo wa Kwaresima: anayetaka kufunga aulize daktari mapema. Mwenye tatizo la figo naye apate ushauri wake, maana maharagwe na baadhi ya mboga huenda vikahitaji kupunguzwa.

Mwezi wa pili tulipima tena jioni, kwa ugali wa ngumi moja, dagaa na mchicha: 7.9 kabla, 10.8 baada ya saa mbili. Bado hajafika chini ya 10. Lakini haamki tena usiku mara nne kwenda haja ndogo, na hilo kwake lilikuwa kubwa kuliko namba.

Kwa wafadhili wetu: vijiti vya kupimia ndivyo vilivyomfungua macho yule mama na mumewe, na ndivyo vinavyoisha haraka. Mgonjwa mmoja akipima kabla na baada ya mlo mmoja, mara mbili kwa wiki, anatumia vijiti vinne kwa wiki.

Na kwa kamati: viburudisho vya vikao vyetu ni soda na maandazi. Chupa moja ya soda ina sukari ya vijiko saba vya chai hivi. Wamo humu wajumbe wenye kisukari wanaoona aibu kukataa. Tunaomba kikao kijacho pawekwe maji na karanga za kukaanga mezani kwa wote, bila kuuliza nani anaumwa nini.