Ukungu Usigeuke Chokaa: Kuongeza Mvua na Ukungu kwenye Picha za Majaruba ya Chekereni

Mada kwa warsha ya wapiga picha, wenye studio na watengenezaji wa mabango, Chekereni, Moshi



Waandaaji wameniomba nizungumzie mvua na ukungu kwa dakika 40. Fasili nitazipita upesi. Leya ni karatasi angavu iliyolazwa juu ya picha. Maski huamua sehemu gani ya leya ionekane: palipo peupe inaonekana, palipo peusi inafichwa, palipo kijivu inaonekana kwa kiasi. Modi ya kuchanganya ni hesabu tu ya namna namba za leya ya juu zinavyokutana na namba za picha iliyo chini. Nao ukungu, kwa wataalamu wa hali ya hewa, ni pale upeo wa kuona unaposhuka chini ya kilomita 1.

Mvua nayo haitatuchelewesha, kwa kuwa wengi mnaiweza: leya nyeusi, `Add Noise` yenye alama kwenye `Monochromatic`, `Motion Blur` kufuata upepo, `Levels` kupunguza punje, kisha modi ya `Screen`. Weusi unatoweka, michirizi inabaki. Kosa ninaloliona sana ni urefu wa michirizi. Tone la milimita 2 huanguka kwa kasi ya karibu mita 6.5 kwa sekunde, kwa hiyo kamera iliyofunguka kwa 1/60 ya sekunde inaliona likichora mstari wa sentimita 11 hivi. Kama mama anayepandikiza mpunga ana urefu wa mita 1.7 na kwenye picha amechukua pikseli 850, mchirizi ulio karibu naye ni pikseli 55 tu. Wenzetu huweka 400, na yule mama anaonekana ananyeshewa mikuki. Pia ifuteni mvua kwa maski mbele ya wingu jeupe. Jicho huiona mvua mbele ya migomba, haliioni mbele ya anga nyeupe.

Sasa nije kwenye jambo ambalo nimegombana nalo kwa miaka, na naomba nisieleweke kwamba namsema mtu. Ukungu wetu unafanana na chokaa. Mtu anaweka leya nyeupe, anachagua `Screen` kwa sababu ndiyo iliyomfaa kwenye mvua, anavuta gradienti kutoka chini kwenda juu, anakabidhi kazi. Mimi mwenyewe niliwahi kukabidhi kalenda ya namna hiyo. Mteja aliniuliza kama picha imepigwa jikoni.

Tuchukue picha moja. Umesimama kwenye tuta la jaruba katika skimu ya Lower Moshi, umeelekea kaskazini. Ukingo wa chini wa picha ni maji yaliyo mita 5 kutoka kwako. Mpandikizaji yuko mita 50, safu ya miti ya kando ya mfereji iko mita 200, na nyumba yenye bati jipya iko mita 500. Nyuma ya vyote, karibu kilomita 40, kuna Kibo. Tunataka ukungu unaomruhusu mtu kuona hadi kilomita 1.

Mwanga unaotoka kwenye kitu hupungua kwa uwiano uleule kila unapovuka umbali uleule wa ukungu, na nafasi yake inachukuliwa na rangi ya ukungu wenyewe. Kwa upeo wa kilomita 1, ukungu hufunika asilimia 18 ya kitu kilicho mita 50, asilimia 54 kwa mita 200, na asilimia 86 kwa mita 500. Neno la kushika hapo ni nafasi kuchukuliwa. Ukungu unang'arisha cheusi, lakini pia unafifisha cheupe. `Screen` haiwezi kufifisha chochote. Kazi yake ni kuongeza mwanga peke yake.

Hesabu ndogo itaonyesha. Bati la ile nyumba lina namba 235, shina la mti ulio kando yake 30, na rangi ya ukungu ni 190. Ukitumia `Normal` kwa asilimia 86, bati linashuka hadi 196 na shina linapanda hadi 168. Tofauti iliyokuwa 205 imebaki 28: vyote viwili vimezama. Ukitumia `Screen` kwa asilimia hiyohiyo, shina linafika 174, lakini bati linapanda hadi 248, na tofauti ni 74. Nyumba iliyo nusu kilomita ndani ya ukungu inang'aa kuliko ukungu wenyewe. Hiyo ndiyo chokaa. Namba hizi ni za kuanzia tu, maana namba za kwenye skrini hazipandi sawasawa na mwanga halisi; kazi ya mwisho ni ya jicho.

Kosa la pili ni gradienti, na hapa Chekereni linatuumbua zaidi kwa sababu shamba ni tambarare. Kwenye tambarare umbali haupandi taratibu kadiri unavyopanda kwenye picha. Ukifika nusu ya njia kati ya ukingo wa chini na upeo wa macho, umefika mita 10 tu. Ikibaki robo, uko mita 20. Ikibaki sehemu moja ya kumi, ndipo unamfikia mpandikizaji wetu kwenye mita 50. Kwa hiyo pale katikati ukungu unapaswa kuwa asilimia 4, ilhali gradienti ya kawaida inaweka 50. Ukungu karibu wote unakaa kwenye ukanda mwembamba chini ya upeo wa macho. Majaruba ya mbele hubaki na maji yao na rangi yao.

Na kitu kilichosimama wima kina umbali mmoja kuanzia mguuni hadi kichwani. Gradienti hailijui hilo, ndiyo maana miti yetu ina mashina safi na vilele vilivyofutika. Kila safu ichaguliwe na ipakwe kwenye maski kijivu kimoja: miti asilimia 54 ya weupe, nyumba 86, anga 100.

Hapo ndipo ugomvi na wateja unapoanza, maana anga ikiwa 100, Kibo haipo. Mteja anataka ukungu na anataka Kibo. Nimejaribu kila ujanja na nimerudi palepale: kwa ukungu wa kilomita 1, mlima wa kilomita 40 hauonekani. Njia ya halali ni moja, nayo ni ukungu wa chini, ule wa alfajiri unaolala juu ya maji kwa kimo cha mita moja hivi. Maski yake inafuata kimo pamoja na umbali: inafunika miguu ya wapandikizaji, inaacha vichwa, na mlima unabaki safi juu yake.

Napendekeza, kwa heshima, studio zetu ziache `Screen` kwenye ukungu na ziibakize kwenye mvua. Rangi ya ukungu ichukuliwe kwa `Eyedropper` kutoka anga ya picha yenyewe, isiwe nyeupe tupu. Maski ipakwe kwa safu, isivutwe kwa gradienti, na, narudia, shina na kilele cha mti mmoja vipate kijivu kimoja. Kabla ya kukabidhi kazi, fungua `Info` upime bati na shina la mbali: bati likizidi rangi ya ukungu kwa mbali, rudi kwenye modi. Mapatano na mteja kuhusu Kibo yafanyike kabla ya malipo ya awali. Na wenye mashine zisizo na Photoshop wasijitetee kwa hilo, maana GIMP ni ya bure na ina maski na modi hizihizi.

Picha ya majaribio tutaipiga kesho saa 12 asubuhi kwenye tuta la mfereji. Njooni na viatu vya matope.