Saa ya Simu Si Hakimu: Migongano ya Rekodi Katika Programu Zinazofanya Kazi Bila Mtandao

Miongoni mwa waundaji wa programu za simu imekita mizizi rai kwamba rekodi moja ikibadilishwa katika simu mbili wakati hakuna mtandao, badiliko lenye saa ya baadaye ndilo libaki na lile la awali lifutwe. Rai hiyo inapendwa kwa sababu ni nyepesi kutekeleza, haimsumbui mtumiaji kwa maswali, na hufanya simu zote hatimaye zionyeshe jambo moja. Mhadhara huu unashikilia kwamba simu zote kukubaliana si sawa na simu zote kusema kweli, na kwamba pale rekodi inapohusu afya ya mtu, tofauti hiyo haiwezi kuachwa mikononi mwa saa.

Mahali panapofaa kwa hoja hii ni Viwandani, makazi ya mabati yaliyobanana na viwanda vya eneo la Industrial Area, mashariki mwa jiji la Nairobi. Tangu Septemba 2023, serikali ya Kenya ilipoanza kuwagawia wahudumu wa afya ya jamii wapatao laki moja vifaa vya kazi, simu za mkononi zikiwamo, ziara za nyumba kwa nyumba zimekuwa zikiandikwa katika mfumo wa kidijitali uitwao eCHIS, uliojengwa juu ya Community Health Toolkit. Katika mfumo huo kila simu hubeba hifadhidata yake ndogo, yaani PouchDB, inayobadilishana rekodi na hifadhidata kuu ya seva, yaani CouchDB. Mhudumu huandika kwanza ndani ya simu, na kazi haisimami kwa kukosa mtandao. Mtandao ukirudi, simu hupeleka kilichobadilika na kupokea kilichobadilishwa kwingine. Huko ndiko kusawazisha.

Huenda mtu akauliza kwa nini jambo hili lizungumziwe katikati ya Nairobi, mahali penye minara ya simu kila upande. Jibu ni kwamba umbali si sababu pekee ya simu kukaa bila mtandao, kwani bando huisha, betri huzima, na anayelipia data kwa pesa yake huizima mpaka jioni. Tena wakazi wengi wa Viwandani hutegemea vibarua vya viwandani na hupanga chumba kimoja kimoja, hivi kwamba familia huhama mara kwa mara kutoka eneo la mhudumu mmoja kwenda la mwingine. Kuhama huko ndiko kunakozaa rekodi inayoguswa na watu wawili.

Ichukuliwe kwamba mama mmoja mjamzito ana rekodi ambayo simu ya mhudumu na simu ya msimamizi wake zote zimeipokea ikiwa katika toleo la 3. Saa nne asubuhi, akiwa hana mtandao, mhudumu anaandika nambari mpya ya simu ya mama huyo, na dakika chache baadaye anasahihisha nambari ya nyumba, hivyo simu yake inafika toleo la 5. Saa nane mchana msimamizi, naye bila mtandao, anaandika katika rekodi hiyohiyo kwamba mama ana dalili za hatari na amepewa rufaa ya kwenda kituo cha afya, na simu yake inafika toleo la 4. Jioni simu zote mbili zinasawazisha.

Kwa kanuni ya saa, badiliko la msimamizi linashinda kwa kuwa liliandikwa mchana, na nambari mpya ya simu inapotea, ingawa ndiyo ambayo kituo kingeitumia kumtafuta mama asipofika. CouchDB yenyewe haifuati kanuni hiyo, jambo ambalo wengi hawalitambui. Mgongano ukitokea, huchagua tawi lenye mlolongo mrefu zaidi wa matoleo. Na milolongo ikilingana urefu, hulinganisha alama za matoleo kwa mpangilio wa herufi na kuchukua iliyo kubwa. Katika mfano huu toleo la 5 litaonyeshwa na rufaa ya mama mwenye dalili za hatari haitaonekana, si kwa sababu yoyote ya kitabibu, bali kwa sababu mhudumu alibonyeza kitufe cha kuhifadhi mara mbili na msimamizi mara moja. Uchaguzi huo una faida moja kubwa, kwamba kila nakala huufikia vilevile bila kuulizana, na watengenezaji wa hifadhidata hiyo hawakudai kamwe kwamba ni hukumu. Toleo lililoshindwa halifutwi, ila hufichwa, na anayelitaka ni lazima aliulizie:

```
GET /medic/mama-17?conflicts=true

{ "_id": "mama-17",
  "_rev": "5-c20e",
  "_conflicts": ["4-9b1d"] }
```

Alama za matoleo zimefupishwa hapa ili zisomeke. Mstari wa `_conflicts` ndio ushahidi pekee kwamba msimamizi aliandika kitu. Programu isiyouliza mstari huo itaendelea kufanya kazi bila kosa lolote kuonekana, na ndiyo maana migongano hugunduliwa miezi baadaye, mtu anapolalamika kwamba aliandika jambo na sasa halipo.

Watetezi wa kanuni ya saa hujibu kwamba hitilafu ni chache na saa za simu siku hizi hurekebishwa na mtandao. Hoja hiyo inaanguka kwa njia mbili. Kwanza, simu inayozungumziwa ni ile isiyo na mtandao, yaani ile ambayo saa yake haina wa kuirekebisha. Mwandishi wa mhadhara huu aliwahi kushika simu ya kazini ambayo tarehe yake ilikuwa imesogezwa mbele bila mwenyewe kujua, na kila alichokihifadhi kiliwashinda wenzake wote, hata walipomsahihisha siku zilizofuata, kwa maana masahihisho yao yalihesabiwa kuwa ya zamani. Saa iliyo mbele huendelea kushinda mpaka saa nyingine zote ziifikie.

Pili, na hili ni zito zaidi, hata saa zingekuwa sahihi kwa sekunde zisingejibu swali linaloulizwa. Leslie Lamport alikwisha kuonyesha mwaka 1978 kwamba katika mfumo wa mashine zilizotengana, tukio moja huhesabika kuwa limelitangulia jingine pale tu habari ya la kwanza ilipoweza kulifikia la pili. Isipokuwa hivyo, matukio hayo ni sambamba, saa ya ukutani iseme itakavyo. Msimamizi aliyeandika saa nane hakuwa ameona alichoandika mhudumu saa nne, kwa hiyo hakukikataa wala hakukibadilisha. Kanuni ya saa inamsingizia uamuzi ambao hakuufanya.

Njia ya kati inayopendekezwa mara nyingi ni kuunganisha sehemu kwa sehemu, yaani kuchukua nambari ya simu kutoka toleo moja na rufaa kutoka jingine. Katika mfano wa mama mjamzito njia hiyo inatosha kabisa, na inafaa kutumiwa popote sehemu za rekodi hazitegemeani. Inashindwa hesabu inapoingia. Ghala la kitengo cha afya ya jamii likiwa na pakiti 30 za chumvi za kuongezea maji mwilini, mhudumu mmoja akatoa 4 na kuandika 26, mwingine akatoa 6 na kuandika 24, hakuna uteuzi wala uunganishaji wa namba hizo mbili utakaoleta 20, ambayo ndiyo idadi iliyobaki ghalani. Kama kila mmoja angeandika kwamba ametoa pakiti kadhaa, badala ya kuandika zilizobaki, maandishi mawili yangekaa pamoja bila kugongana, na jumla ingejitokeza yenyewe.

Andiko linaloeleza mambo haya kwa ukamilifu kuliko jingine lolote ni lile la Douglas Terry na wenzake wa Xerox PARC la mwaka 1995 kuhusu mfumo wa Bayou, uliokusudiwa kompyuta ndogo za kubebwa ambazo mara nyingi zilikuwa hazijaunganishwa. Mfano wao mkuu ni wa kuhifadhi nafasi katika chumba cha mikutano. Mtu anayetaka chumba saa nne haandiki tu kwamba chumba ni chake. Andiko lake husafiri na vitu viwili zaidi. Cha kwanza ni sharti la kukaguliwa, linalouliza kama chumba bado kiko wazi saa hiyo. Cha pili ni utaratibu wa kusuluhisha, unaosema kwamba sharti likishindwa, saa tano itafaa, na isipopatikana, jambo liandikwe katika orodha ya makosa ili mtu alishughulikie. Kila andiko huwa la muda mpaka seva moja iliyoteuliwa ilipange katika mfuatano wa kudumu, na mtumiaji huweza kutofautisha kilichothibitishwa na kisichothibitishwa. Uzuri wa mpango huo ni kwamba nia ya mwandikaji haiachwi nyuma. Hifadhidata inayopokea namba 24 haijui imetokana na nini. Inayopokea agizo la kutoa 6 iwapo zipo 6 inajua la kufanya hata ghala likiwa limebadilika.

Kutokana na hayo unafuata msimamo ambao mhadhara huu unautetea: programu ya aina hii iandike matukio, si hali. Kila ziara, kila rufaa na kila pakiti iliyotolewa iwe rekodi yake yenyewe, yenye kitambulisho kilichotungwa ndani ya simu, ili hata ikipelekwa mara mbili kwa sababu mtandao ulikatika njiani isihesabiwe mara mbili. Community Health Toolkit yenyewe huelekea huko, kwa kuwa fomu iliyojazwa huhifadhiwa kama ripoti inayojitegemea, na migongano hubaki zaidi katika rekodi za watu na nyumba.

Msimamo huo una gharama zake. Matukio hulundikana, na waendelezaji wa mfumo huo hushauri kwamba simu ya mtumiaji mmoja isibebe zaidi ya rekodi 10,000 hivi, kwa hiyo ni lazima za zamani ziondolewe kwenye simu na kubaki kwenye seva. Tena matukio mawili huweza kuwa tukio moja lililoandikwa na watu wawili, kama wahudumu wawili wakisoma katika kijitabu cha mtoto aliyehama kwamba amepata chanjo ya surua na rubela ya miezi 9, kila mmoja akaiandika. Hapo kitambulisho kisitungwe kwa bahati nasibu, bali kijengwe kutokana na mtoto na dozi yenyewe, ili maandishi mawili yagongane kwa makusudi na mgongano uonekane. Hilo nalo hutegemea mtoto kuwa na kitambulisho kimoja kwa wahudumu wote wawili. Akisajiliwa upya baada ya kuhama, hakuna mgongano utakaozuka, na dozi moja itahesabiwa kwa watoto wawili.

Hubaki migongano michache ambayo hakuna kanuni inayoweza kuiamua, kama tarehe mbili tofauti za kuzaliwa kwa mtoto mmoja. Hiyo irudishwe kwa mhudumu wa eneo hilo ikiwa kazi ya kufanywa katika ziara ijayo, maandishi yote mawili yakionyeshwa pamoja na majina ya walioyaandika, kwa kuwa yeye ndiye anayeweza kubisha hodi na kuomba kijitabu. Wanaojenga programu hizi na waiwekee kazi hiyo skrini yake tangu toleo la kwanza, na wanaozinunua kwa fedha za umma wakatae kupokea mfumo wowote usioweza kuwaonyesha orodha ya migongano yake.