Kukimbizana na mwenzao wa kiti cha magurudumu



Kiti cha magurudumu huenda kasi kikinyooka, lakini kuanza na kugeuka huchukua muda. Ndiyo maana uwanja mpana humfanya mtoto anayekitumia awe mshikaji mwanzo hadi mwisho.

Chagueni mahali pagumu na tambarare, kwa sababu mchangani magurudumu huzama. Pimeni hatua 15 kwa 10, mweke chupa za plastiki pembeni kama alama. Walio kwa miguu watembee haraka, wasikimbie. Mshikaji, awe nani, ashike gazeti lililokunjwa ili mkono ufike mbali, na aguse bega au mkono tu. Kugusa gurudumu ni marufuku, maana vidole hunaswa kwenye spoki. Asisukumwe na mtu bila ruhusa yake.

Baada ya dakika 5, tazameni. Akiwa bado ndiye mshikaji, punguzeni uwanja. Asiposhikwa hata mara moja, wenzake wanamhurumia, naye anajua. Hapo uwanja uacheni. Waambieni wamfukuze kweli.