Baluba, Warua, Kiluba: jina moja lenye vichwa vingi

Wasikilizaji wa Kalemie, na ninyi mlioko Moba, Nyunzu na Kabalo, leo nataka tuzungumze kuhusu majina yetu: majina ya makabila, ya lugha na ya nchi, na hasa ile silabi ndogo inayokaa mbele ya kila jina. Nimeona vijana wetu wakitafuta habari za wazee wao katika vitabu vya zamani, wakarudi mikono mitupu, ilhali habari zimo. Walitafuta kwenye herufi B, na mwandishi alikuwa ameziweka kwenye W na U.

Chukueni Baluba. Mwingereza Verney Lovett Cameron alifika ziwani akitokea pwani ya mashariki, na mwaka 1874 akauona mto Lukuga unavyotoka ziwani, hapa hapa kwetu. Baadaye akaendelea magharibi mpaka kwa mfalme Kasongo Kalombo. Katika kitabu chake watu wa mfalme huyo wanaitwa Warua, na nchi yao Urua. Msomaji asiyejua anaweza kudhani ni kabila lililopotea. Halikupotea. Warua ndio Baluba, na Urua ndiyo Buluba. Cameron aliandika alivyotamkiwa na watu wa msafara, na watu wa msafara walisema Kiswahili cha pwani.

Sasa angalieni kilichotokea. Kiswahili cha pwani, katika historia yake ndefu, kililegeza sauti ya b ambayo Kiluba na lugha nyingi za huku bara zimeishika mpaka leo. Mahali pengi b ile imekuwa w, na mbele ya u mara nyingi imetoweka kabisa. Muluba akihesabu watu wawili husema bantu babidi. Mtu wa pwani husema watu wawili. Maneno ni yale yale, b ndizo zilizolegea. Basi ba- ya watu ikawa wa-, na bu- ya nchi ikabaki u- tupu. Katika jina la Baluba kulikuwa na b nyingine ndani ya mzizi wenyewe, nayo ikayeyuka vilevile, huku l ikisikika kama r. Hivyo -luba ikawa -rua, Baluba wakawa Warua, na Buluba ikawa Urua. Hakuna aliyewabatiza upya. Ni sikio la pwani lililofanya kazi yake ya kawaida, na kalamu ya Mzungu ikafuata.

Hali hiyo haikuwapata Baluba peke yao. Mwaka 1909 afisa Mbelgiji Delhaise alitoa kitabu juu ya jirani zetu wa kaskazini, Balega, akakiita kwa jina la Warega: wa- ya pwani, r ya pwani. Miaka mitatu baadaye Schmitz akatoa kitabu juu ya watu wa ufuko wetu huu, naye akaandika Baholoholo, kwa ba-. Lakini hao hao, katika maandishi ya wasafiri waliomtangulia, ni Waguha, na nchi iliyozunguka bandari ya Mtowa ni Uguha. Kwa hiyo anayetafuta habari za eneo la Kalemie kabla ya Wabelgiji aanze na Uguha. Mtafiti Coupez alipoeleza sarufi ya Kiholoholo mwaka 1955, jina la Waguha lilikuwa limekwisha kubaki vitabuni.

Ramani nazo zilichukua majina kwa njia hiyo hiyo. Wazee wetu waliopanda meli kwenda kaskazini mwa ziwa walikuwa wakishuka Usumbura, katika nchi ya Urundi. Ilipofika Julai 1962 nchi ile ikapata uhuru kwa jina la Burundi, na mji ukaitwa Bujumbura. Bu- ilirudi mahali pake. Ng'ambo ya mpaka, upande wetu, Uvira imebaki Uvira, ingawa wenyeji wake hujiita Bavira, si Wavira. Mimi sioni sababu ya kuusahihisha mji huo hewani. Jina la mji lililokwisha kuandikwa kwenye vitambulisho na vyeti vya watu tulisome kama lilivyo. Waganda nao wanayo yote mawili, Buganda ni ufalme na Uganda ni nchi nzima, na kila jina lina kazi yake.

Kiambishi cha lugha, ki-, ndicho kilichovumilia kuliko vingine. Kiluba ni Kiluba ukiwa Manono, na ni Kiluba ukiwa Dar es Salaam. Lakini msivuke kwenda Kasai na imani hiyo. Kule ki- imekuwa tshi-, na lugha ya Baluba wa Kasai ni Tshiluba. Mzizi ni mmoja, lugha ni mbili, na kiambishi ndicho kinachozitofautisha. Katika taarifa ya habari jambo hili lina uzito: lugha nne za taifa letu ni Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba. Mtangazaji akisoma "Kiluba" katika orodha hiyo amewapa Baluba wa Katanga hadhi ambayo sheria imewapa ndugu zao wa Kasai.

Na si kila lugha hushika ki-. Wamongo husema Lomongo. Lingala ina li- yake mbele, kwa hiyo majirani zetu wa Tanzania wanaposema Kilingala wameweka kofia juu ya kofia. Kwao imezoeleka na inaeleweka. Kwetu, tunaoisikia lugha yenyewe kila siku, Lingala inatosha.

Hapo ndipo kwenye kosa ninalolisikia hata kwa watangazaji, la kusema "Wabaluba". Ba- tayari ni watu. Ukitaka Kiswahili cha pwani, sema Mluba na Waluba. Ukitaka cha kwetu, sema Muluba na Baluba. Njia zote mbili ni nzuri, mradi habari moja isianze kwa moja na kumalizia kwa nyingine, maana msikilizaji atadhani unataja makabila mawili, na katika mkoa huu, baada ya damu iliyomwagika baina ya Baluba na Batwa, kudhani vibaya ni hatari.

Lakini kuna wanaoogopa kosa hilo mno, wakaanza kukata hata mahali pasipokatwa. Njia ya kupima ni kutafuta jina la lugha. Ukiondoa ki-, kinachobaki ndicho mzizi. Kitabwa kinakupa -tabwa, kwa hiyo Batabwa au Watabwa. Kihemba kinakupa -hemba. Kibembe kinakupa -bembe, na b yake ya kwanza ni mali ya mzizi, ndiyo maana Babembe na Wabembe yote ni sahihi. Mtego mkubwa uko Kabambare, kwa Bangubangu. Ukilisikia jina hilo utaona ba- mbele na utataka kuibadilisha iwe wa-. Ngoja kwanza. Lugha yao ni Kibangubangu. Ba- ile si kiambishi, ni mwanzo wa mzizi. Kwa hiyo anayesema Wabangubangu hajarudia kitu, na anayesema "Wangubangu" amewakata watu jina.